Kisa cha kuumbuka hakianzi pale ulipoumbuka

*Mwalimu, nina kisa ambacho nikiwasimulia marafiki wanacheka hadi machozi. Nilisinzia kikaoni, nikazinduka bosi ananitazama, nikasema "nakubaliana naye kabisa" bila kujua nakubaliana na nani. Kumbe aliyetangulia kusema alikuwa amependekeza kitengo chetu kivunjwe! Nimeandika skripti ya dakika nane, nikajirekodi, lakini video haichekeshi hata mimi mwenyewe. Na nikifika kwenye funzo la mwisho nasikika kama nahubiri. Skripti nimeiambatanisha. Nakosea wapi?*

Kisa chako kinapoa mbele ya kamera kwa sababu nusu yake haimo kwenye skripti. Marafiki zako wanakujua. Wanajua wewe ndiye unayewasumbua wenzako kuhusu muda, wanamjua bosi wako na ule ukimya wake kabla hajauliza swali, na nadhani wengine walikuwemo mle chumbani. Ukifungua mdomo tu wameshaanza kucheka, maana anayeumbuka ni mtu wanayemjua vizuri. Mtazamaji asiyekujua anaona mtu yeyote amelala kwenye kikao chochote, na watu husinzia vikaoni kila siku.

Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika mwaka 1956 kuhusu aibu, na hoja yake moja inakutosha wewe kwa kazi hii: mtu huaibika pale picha yake aliyoijenga mbele ya watu inapobomoka mbele ya watu walewale. Kama ungekuwa mvivu anayejulikana kwa uvivu, kusinzia kwako kusingekuwa kisa, kungekuwa Jumatatu ya kawaida. Kwa hiyo kazi ya utangulizi ni kuijenga hiyo picha mapema na kwa haraka, ili ikianguka kila mtu asikie kishindo.

Na picha unayo. Umeizika kwenye dakika ya tano, tena ndani ya mabano! Umeandika kwamba usiku wa kuamkia kikao wewe mwenyewe, kama mratibu, ulituma ujumbe kwenye kundi la kazini ukiwataka watu wafike saa mbili kamili, wazime simu, na waje wakiwa wamelala vya kutosha. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Ujumbe huo ndio mlango wa kisa chako, na wewe umeutumia kama mzaha wa kupitia. Uhamishie juu kabisa, na uusome neno kwa neno kama ulivyoutuma, usiueleze. Ukisema "mimi ni mtu ninayejali sana muda," mtazamaji anasikia mtu anayejisifu. Ukisoma ujumbe wenyewe, anajionea.

Watu wengi wanaosimulia aibu zao huogopa kujionyesha kwamba wanaweza kazi. Wanaanza kwa kujidharau: mimi ni mzembe, mimi kila siku nina mikosi. Wanadhani hivyo ndivyo watakavyopendwa. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake walilijaribu jambo la namna hii mwaka 1966. Waliwasikilizisha watu kanda ya mtu anayefanyiwa usaili wa kushiriki shindano la maswali. Katika baadhi ya kanda mtu huyo alijibu karibu maswali yote, katika nyingine alijibu machache. Katika baadhi ya kanda hizo, mwishoni alisikika akijimwagia kahawa. Yule hodari alipojimwagia, wasikilizaji walimpenda zaidi kuliko hodari ambaye hakumwaga kitu. Yule wa kawaida alipojimwagia, walimpenda pungufu kuliko wa kawaida ambaye hakumwaga kitu. Kwako hii ina maana ya moja kwa moja: dakika ya kwanza lazima tukuone ukiwa mratibu anayeaminika, mwenye mpangilio na hata anayekera kidogo kwa mpangilio wake. Bila hiyo, tunakuonea huruma, na kicheko hakitoki.

Salamu ya sekunde arobaini uifute. "Hamjambo, karibuni tena, leo nitawasimulia siku ya aibu kuliko siku zote maishani mwangu" inafanya mambo mawili mabaya. Inamwahidi mtazamaji aibu kubwa kuliko zote, kwa hiyo anakaa akikupima badala ya kukusikiliza, na inachelewesha ule ujumbe. Anza na ujumbe. Salamu, kama huwezi kuishi bila hiyo, itafuata baada ya kicheko cha kwanza.

Sasa tuje kwenye uamuzi mkubwa zaidi katika skripti yako, ambao naona uliufanya bila kujua kwamba ni uamuzi. Mtazamaji ajue lini kwamba unakubali kuvunjwa kwa kitengo chako?

Wewe umeliweka mwishoni kabisa. Tunakufuata usingizini, tunazinduka nawe, tunakusikia ukijibu, na baada ya majibu manne ndipo tunaambiwa pendekezo lilikuwa nini. Ni mshtuko, ndiyo, na mshtuko una thamani yake. Lakini hesabu gharama. Umejibu mara nne, na kila jibu ni bomu. "Tena tumechelewa, hili lilipaswa kufanyika mwaka jana." "Watazoea, watu wazima wale." Mtazamaji anapoyasikia hajui yanahusu nini, kwa hiyo anayapokea kama maneno ya kawaida ya kikaoni. Ukifunua siri mwishoni, unamtaka arudi nyuma kichwani, ayakumbuke yote manne, kisha acheke. Hatarudi. Atacheka mara moja, tena kwa ustaarabu, na majibu yako manne yatakuwa yamepotea bure.

Fanya kinyume. Mwambie pendekezo wakati wewe bado umelala. Hapo yeye anajua na wewe hujui, na kila unapofungua mdomo anashika kichwa kabla hujamaliza sentensi. Kicheko kimoja cha mwisho kinageuka vicheko vinne vinavyopanda. Utaniuliza: nitasimuliaje nisichokisikia? Kwa bahati nzuri jibu limo kwenye skripti yako: ulikuja kuyasoma baadaye kwenye kumbukumbu za kikao. Basi sema hivyohivyo. Kumsikia mtu akisimulia kilichotokea wakati amelala, kwa kunukuu karatasi rasmi, tayari kunachekesha.

Si kila kisa kinataka hivi, nikuambie ukweli. Kama aibu ingekuwa tukio moja la ghafla, tuseme umempungia mkono mtu aliyekuwa anampungia mwingine nyuma yako, ningekushauri umfiche mtazamaji hadi mwisho, maana hakuna mlolongo wa kupoteza. Kipimo ni hiki: ukishaumbuka, je, ulifanya vitu vingine kujiokoa? Kama ulifanya, mtazamaji ajue mapema, kwa sababu utamu uko kwenye kujiokoa kwako.

Na kwako utamu wote uko hapo. Angalia namna ulivyoijenga sehemu ya katikati. Umeandika: nilisinzia, halafu kalamu ikaanguka, halafu jirani yangu akacheka, halafu bosi akaniuliza, halafu simu yangu ikalia. Haya ni mambo yaliyofuatana, hayakuzaana. Simu kulia haina uhusiano wowote na uongo wako. Ingeweza kulia siku nyingine yoyote. Kisa kinapanda pale kila tukio linapozaliwa na lililotangulia, na hasa linapozaliwa na uamuzi wako mwenyewe wa kufunika kombe. Ulidanganya kidogo, ukaulizwa swali, ili kuulinda uongo wa kwanza ukatoa wa pili mkubwa zaidi, na kila hatua ilifanya kurudi nyuma kuwe kugumu kuliko hatua iliyopita. Chukua kalamu, upitie skripti yako ukiuliza kila tukio: kama nikilitoa, linalofuata litaweza kutokea? Likiweza, litoe. Simu inatoka. Kalamu iliyoanguka inatoka.

Daftari ninakuomba ulibakize. Umeandika kwamba jioni ulilifungua ukakuta neno "bajeti" ambalo herufi yake ya mwisho imeteremka ikawa mstari wa wino hadi ukingoni mwa karatasi. Hiki ndicho kitu pekee katika skripti nzima ambacho mtazamaji anaweza kukiona kwa macho, na kinatuonyesha sekunde ileile usingizi ulipokuchukua. Lilete mapema, mahali unapolala, usilingoje jioni. Na kama daftari bado unalo, lionyeshe kwenye kamera.

Nimejaribu kuiandika upya sehemu hiyo, kuanzia sentensi ya kwanza hadi kilele, kwa kutumia vitu vyako mwenyewe. Usiichukue kama ilivyo. Igeuze iwe kinywa chako.

> Usiku wa kuamkia kikao nilituma ujumbe kwenye kundi la kazini. Nausoma kama ulivyo. "Kesho saa mbili kamili. Simu zizimwe. Na tafadhali, tuje tukiwa tumelala vya kutosha." Nikaweka na kidole gumba.
>
> Saa tatu na nusu asubuhi nilikuwa nimelala. Kikaoni.
>
> *(Onyesha daftari. Kimya.)*
>
> Hapa nilikuwa naandika "bajeti." Hapa sikuwepo tena.
>
> Sasa haya yanayofuata mimi sikuyasikia, nimekuja kuyasoma kwenye kumbukumbu. Wakati nimelala, mkuu wa fedha alisema gharama zimepanda, kwa hiyo anapendekeza kitengo kimoja kivunjwe. Kitengo chenyewe ni changu. Bosi akasema jambo hili ni zito, tumsikilize kwanza msimamizi wake. Msimamizi wake ni mimi. Akaniita.
>
> Nafungua macho. Chumba kizima kinanitazama. Nawaza: mtu wa mwisho kuongea alikuwa nani? Sijui. Alisema nini? Sijui. Lakini watu wenye busara huwa wanakubaliana. Nikasema: "Nakubaliana naye kabisa."
>
> Bosi akauliza: "Kabisa?"
>
> Hapo ningeweza kutoka. Swali la neno moja lile, jamani, lilikuwa mlango. Mimi nikaufunga kwa ndani. "Kabisa. Tena tumechelewa. Hili lilipaswa kufanyika mwaka jana."
>
> Jirani yangu akanikanyaga mguu. Nikadhani ananipongeza.
>
> Bosi: "Na wale watu?" Watu gani, sijui. Nikasema: "Watazoea. Watu wazima wale."
>
> Bosi akavua miwani. Akasema: "Sawa. Basi mchana utatusaidia kuwaeleza wenzako."
>
> *(Kimya. Hesabu moja, mbili.)*
>
> "Wenzangu wapi?"

Tazama mahali uamuzi ulipo: "Kabisa?" Nimeuongezea sentensi tatu kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo kisa kilipogeuka. Kabla ya swali hilo ulikuwa mtu aliyesinzia. Baada yake umekuwa mtu anayetetea hoja asiyoijua. Katika skripti yako swali hilo limepita kwa mstari mmoja bila wewe kusimama, na ndiyo maana funzo lako la mwisho halikupata pa kushika. Nitalirudia hilo muda si mrefu.

Kuhusu nyakati za vitenzi, skripti yako yote iko kwenye -li-: nilifungua, nilimtazama, nilisema, alisema. Ukisoma kimya huoni tatizo. Ukisoma kwa sauti inakuwa ripoti. Simulizi yetu ya mdomo haiendi hivyo. Unaweka -li- moja ya kufungulia, kisha -ka- inachukua usukani: nilituma, nikaweka, akasema, akaniita. Na pale unapotaka mtazamaji awe ndani ya chumba pamoja nawe, unaingia wakati uliopo: nafungua macho, nawaza. Nimefanya hivyo mara moja tu, pale unapozinduka. Ukikifanya kisa chote kiwe cha wakati uliopo, mzinduko huo utakosa nguvu, maana hakutakuwa na badiliko la kusikika.

Utaona pia nimekuongezea mawazo: mtu wa mwisho kuongea alikuwa nani, watu wenye busara huwa wanakubaliana. Kwenye skripti yako hayamo, umeandika tu "niliona aibu sana." Aibu ina tabia ya kumdanganya mwenye nayo kwamba kila mtu anaiona. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi walivalishwa fulana yenye picha ya mwanamuziki ambaye wangeona haya kuonekana naye kifuani, kisha wakaingizwa kwenye chumba chenye wenzao. Waliovaa walikisia kwamba karibu nusu ya waliokuwemo wangemtambua mwanamuziki huyo. Waliomtambua walikuwa karibu robo. Mtu anayeungua kwa ndani huonekana nje wa kawaida kuliko anavyodhani. Msimuliaji anapata hasara ileile: unaona umeshasema kila kitu kwa kutaja aibu, kumbe mtazamaji ameona tu mtu aliyetulia akijibu maswali. Lazima umfungulie kichwa, asikie hesabu ulizokuwa unapiga. Na hesabu hizo ziwe za kijinga kidogo lakini zenye mantiki, kwa sababu akikubali mantiki yako anaingia nawe shimoni.

Urefu: dakika nane ni nyingi kwa kisa hiki. Ninaona dakika nne, labda nne na nusu. Usikisie; jirekodi dakika moja ukisoma kwa kasi yako ya kawaida, uhesabu maneno. Tuseme umepata 110. Kwa dakika nne na nusu hiyo ni kama maneno 495, na ukitenga sehemu ya tano kwa ajili ya kimya, vicheko na daftari, unabaki na takriban 400 ya kuandika. Sehemu niliyokuandikia hapo juu inakula karibu nusu yake, na ndivyo inavyopaswa: kupanda kwa mambo ndiko kunakostahili nafasi kubwa.

Kimya ukiandike kwenye skripti, kwenye mabano, kama nilivyofanya. Usipokiandika hutakifanya, maana mbele ya kamera sekunde mbili ni ndefu kama safari, na mkono wako utakimbilia sentensi inayofuata. Mahali penye kimya cha lazima ni pawili tu: baada ya "Kikaoni," na kabla ya "Wenzangu wapi?" Ukikizidisha hadi pasipohitajika, mtazamaji anaanza kukusikia ukiomba kicheko.

Haya, funzo. Umeandika: "Kwa hiyo ndugu zangu, tujifunze kulala mapema na kuwa waangalifu kazini, maana aibu haina umri." Nisamehe, lakini ningeweza kukata sentensi hii nikaibandika kwenye kisa cha mtu aliyegonga kuta akiendesha gari, ikakaa vizuri tu. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza: funzo likikubali kuhamia kwenye kisa kingine, si la kisa hiki. Kipimo cha pili ni nafsi. Pindi unapotoka kwenye "mimi" na kuingia "sisi" na "tujifunze," umepanda mimbari, na aliyekuwa anacheka na wewe anakaa wima kama aliyekemewa. Kaa kwenye "mimi" hadi neno la mwisho.

Halafu angalia, usingizi haukukuumbua. Ungesema "samahani, nilisinzia," watu wangecheka kidogo na kikao kingeendelea. Kilichokuumbua ni jibu la "Kabisa?" Kwa hiyo funzo lazima litoke kwenye sekunde ile ile, na ndiyo maana nilitaka uisimamishe. Kwenye dakika yako ya saba kuna jambo umelipitia haraka mno: jioni bosi alikuambia kwamba alikuona umelala tangu mwanzo, na alikuuliza makusudi. Ndugu yangu, hili ni dhahabu! Maana yake ni kwamba majibu yote manne yalikuwa yanaficha kitu ambacho chumba kizima kilikuwa kimeshakiona. Ningeliandika hivi:

> Jioni bosi akaniita ofisini. Kitengo hakikuvunjwa, msiogope. Akaniambia: "Nilikuona tangu ulipoanza kuandika bajeti."
>
> Kusema "samahani, nilisinzia" kungenichukua sekunde tatu. Mimi niliziogopa hizo tatu, nikasimama kuwatetea watu wanaotaka kunifukuza. Siku hizi nikipotea kikaoni nasema: "Nimepotea, rudia." Naona aibu kidogo, inaisha, tunaendelea.

Ni funzo, lakini hakuna aliyehubiriwa. Linasema unachofanya tofauti sasa, tena kwa maneno unayoyatamka kweli, na anayetaka kulichukua atalichukua mwenyewe. Sentensi ya "kitengo hakikuvunjwa" usiisahau, kwa sababu mtazamaji anayehofia watu watapoteza kazi hacheki. Anangoja habari yao.

Na usimalizie kwenye funzo. Ukimaliza hapo, hata likiwa zuri, linabaki likining'inia kama bango. Liweke kabla ya pigo la mwisho. Unalo: kikao kilichofuata, kumbukumbu zinasomwa ili zithibitishwe, na katibu anasoma kwa sauti kavu kabisa, "Msimamizi wa kitengo alikubaliana kabisa, akaongeza kwamba wahusika ni watu wazima na watazoea." Mwenyekiti anauliza kama kuna marekebisho. Kata video hapohapo, kabla hujajibu.

Kabla hujarekodi, watoe watu wanaoweza kutambulika. Bosi abaki "bosi," mkuu wa fedha abaki cheo tu, na kampuni isitajwe wala nembo yake isionekane kwenye jalada la daftari. Kumbukumbu za kikao ni mali ya kazini, kwa hiyo usizionyeshe karatasi zenyewe. Nukuu yako mwenyewe inatosha, na hilo la kuvunjwa kwa kitengo muulize bosi kwanza kama linaweza kusemwa hadharani. Akikataa, badilisha pendekezo liwe jingine linalokuumiza wewe peke yako, kwa mfano kiti chako kihamishiwe karibu na mlango wa bosi. Kisa kitapungua uzito kidogo, lakini mlolongo wa majibu utabaki vilevile. Anayeumbuka katika video hii awe mmoja, nawe umjue ni nani. Yule jirani aliyekukanyaga mguu, kwa mfano, alikuwa anakuokoa. Usimgeuze kuwa mjinga ili upate kicheko cha bei rahisi.

Jaribio la mwisho usilifanye kwa marafiki wale wale. Mtafute mtu asiyekujua kazini, umsomee skripti ukiwa umekaa, bila mikono na bila sauti za kuigiza, na umwangalie mahali pawili. Unaposoma ujumbe wa kundi, atabasamu kidogo. Asipotabasamu, picha yako haijajengeka, rudi kwenye utangulizi. Unaposema "Kabisa. Tena tumechelewa," lazima aonyeshe maumivu kidogo usoni, hata kama hacheki. Akikuuliza "kwani walikuwa wanajadili nini?", basi aya ya mkuu wa fedha imempita, nayo ni ya kuandikwa upya kwa sentensi fupi zaidi kabla hujawasha kamera.